Weusi wa Shingoni Usiotoka kwa Sabuni

Mwalimu anayekagua usafi wa wanafunzi asubuhi, iwe Mapera au kwingineko katika milima ya Mbinga, huenda akamkuta mmoja mwenye utando mweusi nyuma ya shingo. Humwagiza akaoge vizuri. Kesho yake weusi u pale pale. Dodoki na sabuni haviuondoi, kwa sababu si uchafu: ni ngozi yenyewe iliyoongezeka unene.

Hali hii kitaalamu huitwa akanthosisi nigrikani. Hujitokeza hasa shingoni, kwapani na kwenye kinena, pande zote mbili kwa usawa, na huja polepole. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi sana tofauti ya rangi haionekani upesi, hivyo kidole huwa shahidi bora kuliko jicho: kikipita hapo hukuta mikunjo midogo laini, mfano wa kitambaa cha mahameli. Choa, ambacho mara nyingi huchanganywa na hali hii, huwasha, hutoa magamba, tena huwa na ukingo ulio wazi. Mahameli haya kwa kawaida hayawashi, na ukingo wake hufifia taratibu katika ngozi ya kawaida.

Je, ngozi hunenepa kwa nini? Jibu limo katika kongosho. Tulapo ugali, wanga humeng'enywa kuwa glukozi, nayo kongosho hutoa homoni ya insulini ili misuli na ini vipokee glukozi hiyo. Kwa baadhi ya watu, hasa waliojaza mafuta tumboni, misuli na ini huanza kuwa visikivu kwa shida. Hali hii ndiyo ukinzani wa insulini. Kongosho haikati tamaa. Huongeza insulini maradufu, na sukari hubaki katika kiwango chake. Lakini insulini hiyo ya ziada huzunguka mwili mzima, na ifikapo kwenye ngozi hugusa hata vipokezi vya homoni nyingine ya ukuaji inayofanana nayo. Seli za ngozi, zikipata amri hiyo, huongezeka. Weusi tunaouona hutokana zaidi na unene huo kuliko na wingi wa rangi ya ngozi. Mnamo 1976 Ronald Kahn na wenzake nchini Marekani walieleza habari za wagonjwa 6, wote wanawake, waliokuwa na ukinzani mkali wa insulini pamoja na ngozi ya namna hii. Tangu hapo uhusiano huo haukuweza kupuuzwa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wanafunzi wawili waliopimwa kabla ya kula. Wote wana glukozi ya milimoli 5.0 kwa lita, kiwango ambacho zahanati yoyote itakiita cha kawaida. Wa kwanza ana insulini ya vizio 4.5, wa pili 18. Kipimo kilichobuniwa mwaka 1985 huzidisha namba hizo mbili na kugawanya kwa 22.5:

5.0 × 4.5 ÷ 22.5 = 1.0
5.0 × 18 ÷ 22.5 = 4.0

Sukari ni ileile, lakini kongosho la wa pili linafanya kazi mara nne. Hapo ndipo thamani ya shingo ilipo. Kipimo cha insulini ni ghali na hakipatikani katika zahanati nyingi, ilhali kipimo cha sukari peke yake kitasema hakuna neno, na huenda kikaendelea kusema hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka kongosho lichoke na kisukari kianze. Hata hivyo si kila shingo nyeusi ina maana hiyo. Baadhi ya dawa huileta, na ziko koo zinazoirithi.

Krimu za kung'arisha hazigusi chanzo. Baya zaidi, zile zenye steroidi kali huchubua na kuifanya ngozi kuwa nyembamba, na zikipenya mwilini kwa wingi huweza kupandisha sukari yenyewe. Kinachopunguza insulini ni kupungua kwa uzito na kazi ya misuli. Msuli unaolima huchukua glukozi hata bila kungoja amri ya insulini, na mkulima wa Kimatengo anayechimba mashimo ya ngoro mlimani anaufanyisha msuli huo kazi ya kutosha, tofauti na kijana anayeshinda juu ya pikipiki akinywa soda. Insulini ikishuka, mahameli hulainika na kufifia, ingawa kwa miezi, wala si kwa siku.

Jambo moja halingoji miezi. Mtu mzima, asiye mnene, ambaye weusi huu umemjia ghafla, ukasambaa hadi midomoni au viganjani huku akikonda, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kwake chanzo chaweza kuwa saratani, mara nyingi ya tumbo, wala si insulini.