Urefu wa Mshale: Mkondo wa Rota na Mzigo wa Jenereta

Rota ya jenereta sinkronia ni sumaku-umeme inayozungushwa na turbini. Koili zake hupewa mkondo wa moja kwa moja, na sumaku hiyo inapopita mbele ya koili za stata huzalisha ndani yake volti inayoitwa E. Mkondo wa rota ukiongezwa, E huongezeka. Lakini volti inayotoka kwenye vituo vya jenereta, yaani V, hailingani na E pindi mzigo unapounganishwa, kwa sababu mkondo wa stata nao huunda usumaku wake, nao hugongana na ule wa rota au kuusaidia.

Mafundi huonyesha jambo hili kwa mishale. Urefu wa mshale ni ukubwa wa volti au mkondo, na pembe yake huonyesha nani ametangulia na nani amechelewa. Athari ya usumaku wa stata huwekwa kama riaktansi, X, na kanuni nzima ni E = V + jXI. Herufi j ina maana moja tu: mshale wa XI huzungushwa nyuzi 90 mbele ya mkondo.

Tuseme jenereta ya turbini ya mvuke imeunganishwa na gridi kubwa, hivyo V haibadiliki. V ichorwe kwa mstari wa sentimita 10 kuelekea kulia. Kwa mkondo kamili, XI iwe sentimita 15. Uwiano huo wa mara moja na nusu ni wa kawaida kwa mashine za aina hii. Upinzani mdogo wa nyaya za stata uachwe.

Mota za viwandani huvuta mkondo unaochelewa nyuma ya volti. Kipimo cha nguvu kikiwa 0.8, XI huanzia kwenye ncha ya V, huenda sentimita 9 kulia na 12 juu. Mshale wa E, kutoka mwanzo wa V hadi hapo, una sentimita 22.5, na pembe kati yake na V ni nyuzi 32. Mkondo unaochelewa hudhoofisha usumaku wa rota, kwa hiyo rota lazima ilishwe sana. Hapa ndipo koili zake hupata joto kali, na joto hilo ndilo linaloweka mpaka wa upande huu.

Turbini ikiachwa vilevile na mkondo wa rota ukipunguzwa hadi mkondo wa stata uende sambamba na volti, XI inasimama wima: sentimita 12 juu, sifuri kulia. E inakuwa 15.6, pembe nyuzi 50. Ukipunguzwa zaidi hadi 0.8 ya kutangulia, XI inaelekea kushoto sentimita 9, bado 12 juu. E inabaki 12 na kidogo, na pembe inafika nyuzi 85.

Kinachostahili kutazamwa ni kwamba ncha zote tatu ziko kwenye kimo kilekile cha sentimita 12. Kimo ndicho megawati, nacho huamuliwa na mvuke. Mkondo wa rota husogeza ncha kulia au kushoto tu, na mwendo huo ndio MVAr. Anayejaribu kuongeza megawati kwa kuongeza mkondo wa rota atasubiri sana.

Mchoro huo pia unaonyesha hatari ya upande wa kushoto. E ikipungua chini ya sentimita 12, hakuna pembe yoyote itakayoifikisha kwenye kimo hicho. Turbini inaendelea kusukuma, sumaku haiwezi kushika, na rota inateleza nje ya mwendo wa gridi. Sindano za megawati na ampea huanza kuyumba kwa nguvu, na kinga huitoa mashine. Hata kabla ya hapo, ncha za kiini cha chuma cha stata hupata joto la ziada, ingawa mkondo wa rota unaonekana mdogo na salama.

Hali ya kutangulia hutokea hasa usiku. Laini ndefu yenye mzigo mdogo hufanya kazi kama kapasita. Ya kilovolti 400, kama ile ya Isinya hadi Singida, huzalisha yapata nusu MVAr au zaidi kwa kila kilomita. Ziada hiyo hupandisha volti, na kidhibiti volti cha jenereta hujibu kwa kupunguza mkondo wa rota. Ndiyo maana kidhibiti huwekewa kikomo cha chini kinachozuia upunguzaji kabla pembe haijakaribia nyuzi 90, na riakta hufungwa kwenye vituo vya laini ili zimeze MVAr ambazo jenereta haziwezi kuzibeba salama.