Majina Yaandikwe Namna Moja: Maandalizi Kabla ya Timu ya Usajili Kufika Kijijini

Timu ya usajili inayotembea vijijini hukaa katika kituo kimoja kwa muda mfupi, kisha huhamia kwingine. Mwananchi anayefika na karatasi zinazopingana hurudishwa kuzisahihisha, na anaporejea huenda timu imekwishaondoka. Kwa mkazi wa visiwa vya Bumbire au Goziba, wilayani Muleba, kasoro hiyo humgharimu safari ya ziwani hadi bara. Kwa hiyo, mwenyekiti wa kijiji wa Bukoba au Muleba anapoitisha mkutano, anaweza kuwaeleza wananchi kwa maneno kama haya:

“Ndugu wananchi, huduma ni mbili. RITA husajili vizazi na vifo; NIDA huandikisha waliotimiza umri wa miaka 18. Mwenye mtoto aje na tangazo la kizazi alilopewa katika kituo cha afya. Aliyejifungulia nyumbani aanze kwa Mtendaji wa Kijiji leo, asingoje siku ya timu.

“Kisha tazameni herufi. Majina yetu ya Kihaya wengine huyaandika kwa R, wengine kwa L. Tuseme tangazo la kizazi linasema Rugemalira, na cheti cha darasa la saba kinasema Lugemalila. Kwetu ni mtu mmoja. Kwa afisa anayelinganisha karatasi, ni watu wawili. Kila kaya izitandaze karatasi zake mezani jioni hii na kuzilinganisha: majina yote, siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Mwenye tofauti aende kwa Mtendaji mapema, aelekezwe kama atahitaji hati ya kiapo au marekebisho ya cheti.”

Tarehe ya kuzaliwa inahitaji uangalifu wa pekee. Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1998 atapata namba inayoanza na 19980305. Tarehe ikikosewa, kosa huingia ndani ya namba yenyewe na kumfuata mhusika anaposajili laini ya simu kwa alama za vidole au kufungua akaunti ya benki. Kwa hiyo, kabla ya kuweka saini, mwombe afisa akusomee taarifa zako herufi kwa herufi. Kuzirekebisha hapo ni kazi ya dakika chache. Baadaye ni maombi mapya yenye vielelezo.

Osha mikono vizuri kabla ya kuchukuliwa alama za vidole, kwani udongo na utomvu wa migomba huzifanya zisisomeke. Kitambulisho cha kwanza cha raia hutolewa bila malipo. Ukidaiwa fedha ili uwahishwe, usilipe. Toa taarifa katika ofisi ya wilaya.