Kwa Asiyeona, Maandishi Hufika Mahali Picha Isipofika

Fundi wa kompyuta anaweza kukaa Morogoro akaihudumia seva iliyoko Dar es Salaam, hata Ulaya. Kama fundi huyo haoni, wepesi wa kazi yake unategemea sana kitu kimoja: kinachopita mtandaoni kati ya mashine hizo mbili ni picha, au ni maandishi?

Asiyeona hutumia kompyuta kwa kisoma skrini, yaani programu inayotamka yaliyo kwenye skrini, au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu yasomwe kwa vidole. Kimojawapo ni NVDA, kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na ambacho hutolewa bure. Wengi hudhani programu hii huitazama skrini kama jicho. Sivyo. Kazi yake ni kuiuliza kompyuta: kitufe hiki kinaitwaje, mstari huu umeandikwa nini? Kompyuta hujibu kwa maneno, na hayo ndiyo yanayotamkwa.

Mambo huharibika tunapotumia njia kama VNC au RDP. Hapo skrini ya kompyuta ya mbali kwa kawaida huletwa kama picha. Anayeona huona vitufe na kuvibonyeza. Kisoma skrini kilichoko mezani kwa fundi hukuta dirisha moja lenye picha tupu, kikalitaja jina lake, kisha kikanyamaza.

Inawezekana kuweka kisoma skrini upande wa pili na kuleta sauti yake kupitia mtandao. Lakini hilo linahitaji ruhusa ya mwenye seva, na mtandao ukisuasua sauti huchelewa na kukatika. Asiyeona husubiri kusikia matokeo ya kila kitufe kabla ya kubonyeza kinachofuata, kwa hiyo kuchelewa kidogo tu huizorotesha kazi yote. Tangu toleo la 2025.1, NVDA yenyewe inaweza kutuma maneno badala ya sauti, yakatamkwa huku aliko fundi. Hata hivyo, lazima iwepo pande zote mbili, na NVDA ni ya Windows tu.

SSH, njia iliyobuniwa Ufini mwaka 1995, hukwepa tatizo hilo tangu mwanzo. Fundi huandika amri, seva hujibu kwa maandishi, na kisoma skrini chake mwenyewe huyatamka kwa sauti na kasi aliyoizoea. Seva haihitaji kuwekewa kitu chochote kwa ajili yake.

Tuseme seva ya Linux imejaa na mfumo wa ofisi umesimama. Fundi anaingia kwa SSH na kuandika:

```
sudo du -sh /var/log/* | sort -h | tail -n 3
```

Amri hii hupima kumbukumbu za mfumo, huzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha huleta tatu za mwisho:

```
120M  /var/log/nginx
1.4G  /var/log/journal
31G   /var/log/mfumo.log
```

Mpangilio huo unamfaa msikilizaji, kwa sababu anachokitafuta kiko kwenye mstari wa mwisho. Asiposikia vizuri, katika NVDA hubonyeza 7 kwenye vitufe vya namba vya pembeni ili kurudi mstari mmoja nyuma, na 9 kwenda mbele. Akibonyeza 8 mara mbili, mstari alipo husomwa herufi kwa herufi. Hapo hawezi kuchanganya 31G na 3.1G.

Lakini si kila maandishi ni rafiki. Programu ya `top`, inayoonyesha kazi zinazoendelea kwenye seva, hujichora upya kila baada ya sekunde chache. Kisoma skrini hukimbizana nayo, kikirukia namba mpya kabla ya kumaliza za zamani. Dalili yake ni sauti isiyokoma wala kueleweka. Mistari ya maendeleo, ile inayosema asilimia 1, 2, 3, huleta kero hiyohiyo. Dawa ni kuiambia programu ijibu mara moja na kunyamaza:

```
top -b -n 1 | head -n 15
```

Majibu yakiwa marefu, huelekezwa kwenye faili na kusomwa taratibu. Rangi nazo hazitegemewi: kosa likionyeshwa kwa wekundu tu, bila neno, msikilizaji analikosa.

Kwa hiyo anayejenga mfumo wa ofisi asifunge mlango wa maandishi akabakiza ule wa picha pekee. Kila kazi ya usimamizi iwe na amri yake, kila kosa liandikwe kwa maneno, na kila programu inayojichora upya iwe na namna ya kujibu mara moja. Fundi asiyeona akipata hayo matatu, ataimaliza kazi mwenyewe, bila kumwita mtu amsomee skrini.