Jedwali la ngeli: kutoka picha ya simu hadi karatasi ya kusomea

Mwanafunzi akipiga picha jedwali la ngeli ubaoni, mara nyingi hurudi nyumbani na safu mbili tu: jina la ngeli na mifano. Akilinakili vivyo hivyo litamchanganya, kwa sababu jina kama U-I halionyeshi mwanzo wa nomino. Linaonyesha kiambishi kinachokaa mwanzoni mwa kitenzi.

Tutazame mti. Nomino yenyewe inaanza kwa m-, na wingi wake mi-. Lakini twasema: "Mti mrefu umeanguka, miti mirefu imeanguka." Hapo ndipo U na I zilipo. Mtoto naye anaanza kwa m-, ila ni wa A-WA: "Mtoto mrefu ameanguka, watoto warefu wameanguka."

Kwa hivyo karatasi iwe na safu nne. Mstari wa U-I utasomeka hivi:

Ngeli: U-I
Kiambishi cha nomino: m-, mi-
Mfano: mti, miti
Upatanisho: mti mrefu umeanguka, miti mirefu imeanguka

Endelea hivyo kwa kila ngeli iliyo pichani, kisha uipime kwa kiboko. Anaanza kwa ki- kama kiti, na wingi wake ni viboko. Hata hivyo, kwa kuwa mnyama huyu ana uhai, twasema "kiboko mkubwa amelala", si "kikubwa kimelala". Muandike chini ya A-WA. Karatasi inayompeleka KI-VI imefuata herufi ya mwanzo, haikufuata sentensi.