Dakika ya Nane

Filamu ya katuni ya dakika kumi ina sekunde 600, ila si zote ni zako. Jina la filamu na orodha ya wasanii huchukua kama 40. Zinazobaki zinatosha shida moja ya mtu mmoja.

Tuchukue hadithi ya Mbulu. Kwa Wairaqw, mwenye mifugo mingi huweza kumkabidhi mwenzake ng'ombe amtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki kuwa wa mwenyewe. Katika hadithi yetu, binti Martina amemlea ng'ombe aitwaye Madoa, ambaye sasa ana mimba, na mwenye mali anatuma salamu: kesho arudishwe.

Salamu hizo zifike kabla ya dakika ya pili. Kitendo cha kwanza hakiishi hapo, bali pale Martina anapofungua zizi usiku na kumswaga Madoa kuelekea msitu wa Nou. Habari mbaya peke yake haisogezi hadithi. Uamuzi wa mhusika ndio unaoisogeza.

Kitendo cha pili kinakwenda hadi karibu dakika ya saba na nusu, na hapo ndipo filamu nyingi hulegea. Dawa ni tukio la katikati linalobadili shida yenyewe. Dakika ya tano Madoa anazaa. Ni kilele cha furaha, lakini sasa Martina ana wawili wa kuficha. Dakika ya sita fisi anawanyemelea. Mvua inanyesha, ndama anatetemeka kwa baridi, na moto ulio karibu uko nyumbani kwa mwenye ng'ombe.

Kilele kikuu kiwe dakika ya nane na robo: Martina anabisha hodi, mlango unafunguliwa, anakabidhi kamba. Shikilia picha ya mkono huo sekunde kumi, bila muziki. Ukikiweka kilele dakika ya tisa na nusu, orodha ya majina itamkatiza mtazamaji kabla hajapumua. Baada ya kamba, zaidi ya dakika moja inatosha: ndama akauke motoni, mwenye ng'ombe aseme kwamba akiachishwa kunyonya, Martina aje amchukue amtunze.

Kwenye katuni, mwendo unahusu pia mkono wa mchoraji. Kwa fremu 24 kwa sekunde, mchoro mmoja ukikaa fremu mbili, dakika kumi ni michoro 7,200. Wachoraji hupenda mbio za msituni, nazo humeza nguvu zote. Mimi ningezipa picha fupi za sekunde mbili mbili, nyingi zikiwa giza na majani, ili uso wa Martina mlangoni uchorwe kwa utulivu.

Haya yapimwe kwenye animatiki, yaani michoro ya awali iliyopangwa kwa muda wake pamoja na sauti za majaribio. Waonyeshe watu wasioijua hadithi, ukae ukiwatazama wao badala ya skrini. Wakishtuka zaidi kwa fisi wa dakika ya sita kuliko kwa kamba mlangoni, punguza fisi. Usiongeze vinanda mlangoni.