Kwa Nini Shapu ya Kwanza Ni F

Waimbaji wengi wa kwaya waliozoea kusoma do-re-mi wameona juu ya karatasi ya wimbo alama kama "Do = G". Anayesoma mistari mitano haandikiwi hivyo. Yeye hukuta mwanzoni mwa kila mstari shapu au flati zimepangwa, na hizo ndizo alama za ufunguo. Habari ni ile ile: do iko wapi. Wanaoanza hukariri alama hizo kama orodha: G shapu moja, D shapu mbili, F flati moja, kisha husahau. Orodha hiyo haina haja ya kukaririwa, kwa sababu yote inatokana na umbali mmoja tu kati ya sauti.

Kaa mbele ya kinanda. Kutoka kitufe chochote hadi kinachokifuata mara moja, kiwe cheupe au cheusi, ni nusu toni. Nusu toni mbili ni toni moja. Kati ya E na F hakuna kitufe cheusi, wala kati ya B na C, kwa hiyo hapo pana nusu toni tu. Vitufe vyeupe vingine vinavyopakana vimeachana kwa toni nzima.

Umbali kati ya noti mbili huitwa intavali. Jina lake hutokana na kuhesabu herufi, ya kwanza na ya mwisho zikiwemo. C hadi E ni herufi tatu, basi ni intavali ya tatu. C hadi G ni C, D, E, F, G, basi ni ya tano. Lakini ukubwa wake hasa hupimwa kwa nusu toni, na hapa kitufe unachoanzia hakihesabiwi. Ukitoka C, C shapu ni moja, D mbili, D shapu tatu, E nne, F tano, F shapu sita, G saba. Ukipata nane, umeihesabu na C yenyewe. Hilo ndilo kosa la kawaida la wanaoanza. Intavali ya tano yenye nusu toni saba huitwa tano kamili, nayo ndiyo unayoiimba ukipanda kutoka do hadi sol.

Sasa pima intavali za tano kwenye vitufe vyeupe peke yake. C hadi G ni saba. D hadi A, E hadi B, F hadi C, G hadi D na A hadi E pia ni saba. Bado B hadi F. Ukihesabu unapata sita. Piga noti hizo mbili kwa pamoja na sikio litakuambia lenyewe: haitulii, inataka kwenda kwingine. Hii ni tano iliyopungua, na kati ya vitufe vyeupe ni moja tu ya aina yake.

Intavali hiyo ina njia mbili za kurekebishwa ili ifike saba. Ama unaipandisha F iwe F shapu, ama unaishusha B iwe B flati. Ya kwanza ndiyo shapu ya kwanza katika muziki wote, na ya pili ndiyo flati ya kwanza.

Tuone shapu inavyofanya kazi. Skeli ya do-re-mi hupanda hivi: toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Ukianzia C, vitufe vyeupe vinafuata mpango huo bila kasoro. Tuseme sasa wimbo unatakiwa kuimbwa juu zaidi na do inahamia G. Piga G, A, B, C, D, E: mpaka hapo mambo ni sawa. Kutoka E panatakiwa toni, lakini F iko nusu toni tu. Halafu F hadi G ni toni, wakati ti na do zinatakiwa kuachana kwa nusu toni. Mwimbaji atahisi ti imekaa chini mno na do haijaandaliwa. Pandisha F iwe F shapu, na pande zote mbili zinakaa sawa. Kwa hiyo ufunguo wa G una shapu moja, na shapu hiyo ndiyo ti yake. Kumbuka kwamba F ilikuwa fa ya ufunguo wa C: fa ya zamani imepandishwa ikawa ti mpya.

Baada ya F kupanda, B hadi F shapu ni saba. Lakini sasa F shapu hadi C ni sita. Kasoro haikuondoka, imehama. Ukitaka kusogeza do tano nyingine juu, kutoka G hadi D, itabidi C nayo ipande. Ukiendelea hivyo shapu zinaongezeka moja moja: F, C, G, D, A, E, B, kila moja ikiwa tano kamili juu ya iliyotangulia. Mpangilio huo haubadiliki, na ndio utakaoukuta kwenye karatasi.

Upande wa flati ni mwendo ule ule kinyume. Ukishusha B, do inakaa F. Kasoro inahamia kati ya E na B flati. Ukishusha E, do inakaa B flati. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, mtunzi wa ule wimbo wa 1897 ambao muziki wake Watanzania wanaujua kama "Mungu Ibariki Afrika", aliutunga kwenye ufunguo huu wa B flati. Ukiandikwa kwenye mistari mitano, mwanzoni utaona flati mbili: ya B na ya E.

Panga sasa funguo zote kama namba za saa ya ukutani. C iweke penye 12. Ukienda mshale unakoelekea utapita G, D, A, E, B na F shapu, kila hatua ikiongeza shapu. Ukirudi nyuma utapita F, B flati, E flati, A flati, D flati na G flati. Chini, penye 6, F shapu na G flati zinakutana kwenye kitufe kimoja cheusi. Huu ndio mduara wa tano, ambao Mjerumani Johann David Heinichen aliuchapisha katika kitabu chake cha 1728. Unafunga kwa sababu tano kamili kumi na mbili ni nusu toni 84, sawasawa na oktava saba. Hesabu hiyo inatimia kwa sababu vinanda vya leo hupunguza kila tano kidogo sana. Tano safi kabisa kumi na mbili zingepita oktava saba kwa karibu robo ya nusu toni.

Ukipewa karatasi, tazama shapu ya mwisho kulia: hiyo ni ti, na do iko nusu toni juu yake. Shapu za F, C na G zinakupa do kwenye A. Kwa flati, ya mwisho ni fa, na inayoitangulia ndiyo do. Flati ikiwa moja tu, do ni F. Tahadhari moja: alama hizo hizo hutumiwa na wimbo unaotulia kwenye la, yaani ufunguo mdogo. Kwa hiyo tazama pia besi inamalizia noti gani kabla ya kutoa hukumu.

Kwako mpiga kinanda unayepiga C kila wimbo na kubonyeza TRANSPOSE kwaya ikitaka kupanda: kirudishe sifuri, upige skeli za G, D, F na B flati kwa mkono wako. Kutoka ufunguo hadi jirani yake, noti inayobadilika ni moja tu.