Kitufe Kimegoma? Angalia Kwanza Uko Ndani ya Kivinjari Gani

Mdogo wangu alipomaliza kidato cha sita alirudi nyumbani Dongobesh, wilayani Mbulu, na kama wenzake wengi akaanza kuomba mkopo wa chuo kwa kutumia simu. Linki ya mfumo wa maombi ilitumwa kwenye kundi la darasa lao, ndani ya programu moja ya ujumbe. Akaibofya, ukurasa ukafunguka vizuri, akajisajili, akajaza majina, shule, taarifa za wazazi. Akafika mahali pa kuambatisha cheti cha kuzaliwa. Akabonyeza kitufe cha kuchagua faili. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Akajiambia labda faili ni kubwa mno. Kesho yake akapanda gari hadi Mbulu mjini, steshenari wakampunguzia PDF, akarudi, akajaribu. Kitufe kile kile, kimya kile kile. Zilikuwa zimebaki siku mbili dirisha la maombi lifungwe, ndipo akanipigia.

“Kaka, mfumo umekufa.”

Nikamuuliza swali moja tu: “Hapo juu kabisa kwenye skrini, kushoto, unaona nini?”

“Naona alama ya X.”

Mfumo ulikuwa mzima. Shida ilikuwa kwamba dogo hakuwa ndani ya Chrome. Alikuwa bado ndani ya programu ya ujumbe, anaangalia tovuti kupitia kidirisha chake. Mtu aliyeko Haydom, Bassotu au Katesh anaweza kupoteza siku nzima na nauli kwa kosa hilo hilo, kwa hiyo tulieleze vizuri.

Kidirisha si kivinjari

Kivinjari ni programu kamili ya kutembelea tovuti: Chrome, Firefox, Opera na kadhalika. Kinatunza kumbukumbu za tovuti ulizoingia, kinapakua mafaili, kinafungua kurasa kadhaa kwa pamoja, na kinaomba ruhusa ya kamera au mafaili pale tovuti inapohitaji.

Ndani ya simu za Android kuna pia kipande kinachoitwa Android System WebView. Ukiingia Play Store unaweza kukiona kwenye orodha ya vitu vinavyosasishwa. Kazi yake ni kuwapa watengenezaji wa programu uwezo wa kuonyesha ukurasa wa tovuti ndani ya programu yao bila kukutoa nje. Kinachora ukurasa vizuri tu, tena kwa mtambo uleule wa Chrome, ndiyo maana kwa macho huoni tofauti.

Tofauti iko kwenye mambo yanayozunguka ukurasa. WebView yenyewe haijui kufungua orodha ya mafaili yako. Tovuti ikisema “mtumiaji anataka kuchagua faili”, WebView inapeleka ombi hilo kwa programu iliyoibeba, na programu hiyo ndiyo inayopaswa kuwa imeandikiwa maelekezo ya kulijibu. Mtengenezaji asipoandika sehemu hiyo, ombi linaishia hewani. Hakuna ujumbe wa kosa, kitufe kinakaa kimya tu. Kupakua faili ni vivyo hivyo: bila maelekezo, ukibonyeza fomu ya PDF haishuki. Ukurasa unaotakiwa kufunguka kwenye dirisha jipya nao unaweza usifunguke. Kwa hiyo dogo angeweza kuipunguza ile PDF mpaka ibaki KB 10, na bado kitufe kisingejibu.

Kuki zako haziko humo

Ukiingia kwenye tovuti kwa neno la siri, tovuti inaacha kwenye kivinjari chako kipande kidogo cha taarifa, yaani kuki, kinachomaanisha “huyu tayari namjua”. WebView ya kila programu ina kuki zake, na haioni zile za Chrome. Ndiyo maana unabofya linki ya tovuti uliyoingia asubuhi, nayo inakuuliza neno la siri upya kana kwamba haikujui.

Hapo ndipo wenye simu zenye RAM ndogo wanapoumia. Tuseme umejaza fomu, mfumo umekutumia namba ya uthibitisho kwa SMS, nawe unatoka kwenda kuisoma. Simu ikiona nafasi imebana, inaifunga ile programu ya ujumbe kimyakimya. Ukirudi, programu inaanza upya kwenye orodha ya mazungumzo. Kidirisha hakipo, na ulichojaza bila kuhifadhi kimeondoka nacho. Chrome nayo inaweza kufungwa na simu hivyo hivyo, lakini inakumbuka kurasa zilizokuwa wazi na mara nyingi utakuta bado umeingia.

Bando nalo linaguswa. Picha na vipande vya ukurasa ambavyo Chrome ilishavihifadhi havitumiki ndani ya WebView. Inabidi vishushwe tena, na mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka hilo utaliona.

Kisa kingine cha kidirisha ni kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google. Kivinjari kinapoomba ukurasa hujitambulisha kwa mstari mfupi wa maandishi, na kwa kawaida WebView ya Android huweka humo herufi `wv`. Tangu 2017 Google hairuhusu kuingia kupitia vidirisha vya namna hii, kwa sababu programu inayobeba kidirisha ina uwezo wa kuona unachoandika ndani yake. Ukijaribu, utapata ujumbe wa `Error 403: disallowed_useragent`. Akaunti yako haina tatizo lolote, ni mahali tu ulipojaribia kuingilia.

Na wasiwasi huo una msingi. Agosti 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba Instagram na Facebook kwenye iPhone zilikuwa zinaongeza msimbo wao ndani ya kila tovuti iliyofunguliwa kwenye vidirisha vyao. Hakusema kwamba zinaiba maneno ya siri. Alichoonyesha ni kwamba uwezo wa kufuatilia unachobonyeza upo. Kwa ukurasa wa habari za mpira, sawa. Kwa ukurasa wenye namba yako ya NIDA, heri uwe nje.

Unajuaje uko wapi?

Angalia sehemu ya juu. Kivinjari kamili kina kisanduku cha anwani unachoweza kukigusa na kuandika, na alama ya kurasa zilizofunguliwa, ile yenye namba ndani ya mraba. Kidirisha kwa kawaida kina X au mshale upande wa kushoto, jina la tovuti lisiloandikika, na nukta tatu.

Ila kuna aina ya tatu inayochanganya. Baadhi ya programu, Gmail ya Android ikiwemo, hufungua linki kwa kuazima Chrome yenyewe na kuionyesha juu ya programu. Nayo ina X, lakini ukigusa nukta tatu utaona maandishi kama “Running in Chrome”. Hiyo inatumia kuki zako za Chrome na inapakua mafaili kama kawaida, kwa hiyo haina shida tuliyoieleza. Udhaifu wake ni kwamba ukigusa kitufe cha kurudi mara moja zaidi ya inavyotakiwa, unaifunga.

Kubadilisha

Kwanza hakikisha simu yako inajua kivinjari chako kikuu ni kipi. Ingia Settings, kisha Apps, kisha Default apps, kisha Browser app, uchague. Majina yanaweza kutofautiana kidogo kati ya Tecno, Infinix na Samsung. Usiiruke hatua hii, kwa sababu simu nyingi huja na kivinjari cha kampuni kilichowekwa tayari, na linki zitakwenda huko. Na kama umechagua Opera Mini yenye kubana data kwa kiwango cha juu kabisa, ujue kurasa zinapitia kwanza kwenye mitambo ya Opera, na fomu nzito zinaweza kugoma huko pia. Kwa maombi rasmi tumia Chrome au Firefox.

Baada ya hapo zima kidirisha ndani ya programu yenyewe. Kwenye Telegram ya Android, ingia Settings, kisha Chat Settings, tafuta In-App Browser uizime. Kwenye Messenger ya Android, ingia kwenye mipangilio, fungua Photos & media, kisha washa Open links in default browser. Kwenye Gmail ya Android, ingia Settings, General settings, uondoe tiki kwenye Open web links in Gmail. WhatsApp ya Android kwa kawaida inakutoa nje yenyewe.

Kwenye programu isiyo na swichi hiyo, utafanya kwa kila linki. Gusa nukta tatu ndani ya kidirisha, uchague Open in Chrome au Open in browser. Zikikosekana zote, rudi kwenye ujumbe, bonyeza linki kwa muda mrefu, chagua Copy link, kisha ibandike mwenyewe kwenye Chrome.

Kabla hujahama

Kuhama hakubebi ulichokijaza. Chrome inapokea anwani ya ukurasa tu, haipokei kuki wala maandishi yako. Kwa hiyo kama fomu ina kitufe cha Save, kibonyeze kwanza, halafu hama, halafu ingia upya kwa jina na neno lako la siri.

Pia kuwa makini na linki za kutumika mara moja, kama zile za kubadilisha neno la siri. Ukiifungua kwenye kidirisha kisha ukaihamishia Chrome, unaweza kuambiwa imeshatumika. Hapo omba nyingine, na safari hii inakili moja kwa moja bila kuibofya.

Na kivinjari hakitibu kila kitu. Ukiwa Chrome ukabonyeza kitufe, orodha ya mafaili ikafunguka, ukachagua, halafu ukaandikiwa kwamba faili limezidi, basi kweli limezidi. Ukurasa ukizunguka bila kufunguka popote, huo ni mtandao au mfumo wenyewe. Ishara ya kidirisha ni ile ya dogo: ukurasa uko wazi, kila kitu kinaonekana, kitufe kimoja hakijibu na hakuna ujumbe wowote.

Dogo alihifadhi, akagusa nukta tatu, akachagua Open in Chrome, akaingia upya. Alipobonyeza kile kitufe, orodha ya mafaili ikafunguka hapo hapo. Cheti kilipanda usiku ule ule. Kilikuwa ni kile cha mwanzo, kabla hakijapunguzwa.